Nimelipia mpango wa mwaka badala ya mwezi, apu nimeshaifuta, je hela inarudi? Na nazimaje isinikate tena?

Kitabu_Wazi
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo nimechanganyikiwa. Jana usiku mida ya saa nne nilikuwa nataka kulipia apu moja ya kuskani makaratasi na kuyageuza PDF, nilikuwa na makaratasi kama arobaini ya kutuma asubuhi. Mpango wangu ulikuwa nilipie mwezi mmoja tu nikimaliza kazi basi. Ikaja skrini ina vibox viwili, kimoja kimeandikwa bei kubwa kubwa ya kwa mwezi nikaona ndio chenyewe, nikaweka kidole, ikapita. Kuangalia meseji ya benki naona imekatwa hela ya mwaka mzima, yaani kama mara kumi ya ile niliyokuwa nimeitenga.

Nilichofanya kwa hasira nikaifuta apu hapo hapo. Leo asubuhi nimeingia Play Store upande wa `Subscriptions` ili nihakikishe imekufa, nakuta hamna kitu, pako tupu kabisa. Sasa maswali yangu ni mawili, kule kuwa tupu ndio ina maana imeshajikatisha? Na hela yangu ya mwaka naidai wapi, maana kwenye apu hamna namba wala imeili ya mtu na apu yenyewe sinayo tena. Simu ni Android.

mamaPacha
Pole sana dada yangu. Mimi yalinikuta hayo hayo mwanangu alinunua sarafu za gemu mara tatu kwa simu yangu, nimezima kila kitu lakini sijui kama zitajikata tena mwezi ujao. Na mimi nasubiri jibu hapa.

Mzee_Kobe
Usihangaike binti, hizi huduma zote zina siku za neema, ni siku 16, nimeshasoma mahali. Ndani ya hizo siku hawawezi kukudai chochote na ukitaka kutoka unatoka. We hakikisha tu kwenye ile kadi hauachi hela, wakija kukata wanakuta patupu, wakijaribu mara mbili tatu wanachoka wenyewe. Mimi nimeachana na huduma mbili kwa staili hiyo na sijasumbuliwa mpaka leo.

RisitiMkononi
Kitabu_Wazi, soma hii yote kabla hujafanya kingine, saa zako zinakwenda. Nimekaa miaka kadhaa upande wa kupokea malalamiko ya wateja kwenye kampuni inayouza apu, kwa hiyo haya nimeyaona kila siku.

Kwanza, kufuta apu hakukatishi malipo. Apu kwenye simu ni kitu kimoja, na makubaliano ya kulipa yapo kwenye akaunti yako ya duka, huko Google. Unaweza ukafuta apu, ukabadili simu, ukaitupa ya zamani mtoni, na siku ya mwaka kutimia hela inakatwa kama kawaida. Nilishapokea mtu amekatwa miaka miwili kwa apu ambayo hata jina lake alikuwa amelisahau.

Pili, kukatisha na kurudishiwa hela ni maombi mawili tofauti na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukibonyeza `Cancel subscription` umezuia malipo YAJAYO tu, ile hela iliyokwisha kukatwa inabaki huko na wewe unaendelea kuwa na haki ya kutumia huduma mpaka mwaka uishe. Mtu anakatisha, anaona ujumbe kwamba imekubali, anakaa anasubiri hela wiki tatu, kumbe hakuna mtu anayejua kwamba anaidai.

Tatu, kwa manunuzi ya Google Play una saa 48 tangu ulipie za kuomba kwa Google wenyewe. Zikipita hizo unaelekezwa kwa mwenye apu, na yeye ana sheria zake. We umenunua jana saa nne usiku, kwa hiyo mwisho wako ni kesho saa nne usiku. Hesabu kutoka kwenye muda ulioandikwa kwenye risiti, meseji ya benki wakati mwingine inachelewa.

Sasa lile la kukuta patupu ndilo linalonipa wasiwasi. Simu yako ina akaunti ngapi za Google?

Kitabu_Wazi
Ziko mbili mkuu, ya zamani ya chuo na hii ninayotumia sasa. Unataka kusema nini?

RisitiMkononi
Nataka kusema kuna uwezekano mkubwa umelipia kwa ile ya chuo. Play Store inakuonyesha usajili wa akaunti iliyoko mbele kwa wakati huo tu. Bonyeza picha yako juu kulia, utaona jina la akaunti na kimshale, hamia ile nyingine halafu ndio uingie `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Njia nyingine ya uhakika ni kutafuta risiti, ingia kwenye imeili zote mbili utafute neno `GPA`, kila oda ya Google Play namba yake inaanza na herufi hizo. Imeili iliyoipokea risiti ndiyo akaunti yenye mzigo.

Chuma_Chakavu
Naomba niulizie hapa hapa samahani mleta uzi. Mimi ni iPhone, na yangu ni mwaka badala ya mwezi vile vile, ila nilichofanya siku tatu zilizopita niliingia kwenye `Subscriptions` nikabadili kutoka mwaka kwenda mwezi. Ikakubali vizuri. Sasa nasubiri tofauti irudi kwenye kadi, mpaka leo kimya. Inachukua siku ngapi?

RisitiMkononi
Chuma, pole, hapo hakuna tofauti itakayorudi. Fungua tena ile sehemu uangalie kwa makini, utakuta imeandikwa kwamba mpango wa mwezi unaanza tarehe fulani, na hiyo tarehe ni mwakani.

Kwa Apple mambo yako hivi. Ukipanda kwenda mpango wa ngazi ya juu, badiliko linaanza hapo hapo na unarudishiwa kile kipande cha mpango wa zamani ambacho hukukitumia. Ukishuka ngazi, badiliko linasubiri mpaka siku ya malipo yajayo. Na ukibaki ngazi ile ile ila ukabadili urefu, yaani mwaka kuwa mwezi kama ulivyofanya wewe, nalo linasubiri siku ya malipo yajayo. Kwa hiyo ulichofanya umeiambia Apple: niacheni na mwaka wangu, ukiisha nianzieni mwezi. Haujadai hela, na umejiwekea malipo ya kila mwezi yaanze mwakani.

Fanya vitu viwili leo. Nenda `Settings`, gusa jina lako juu, ingia `Subscriptions`, chagua hiyo apu, bonyeza `Cancel Subscription`. Halafu fungua kivinjari uende `reportaproblem.apple.com`, ingia kwa akaunti ile ile, kwenye `I'd like to` chagua `Request a refund`, chagua sababu, bonyeza `Next`, weka alama kwenye ile oda ya mwaka, tuma. Jibu la kwanza huwa ni ndani ya saa 24 hadi 48. Kama malipo bado yanaonekana yanasubiri benki hautaweza kuyaombea, subiri yakamilike urudi.

Chuma_Chakavu
Daah. Kweli kabisa, nimeangalia imeandikwa tarehe ya mwakani. Na mimi siku zote tatu naingia benki kuangalia salio. Nimekatisha sasa hivi, naenda huko kwingine. Nilikuwa nimemwandikia na mwenye apu imeili, nimsubiri kwanza?

RisitiMkononi
Usimsubiri. Kwa Apple mwenye apu hana hata kitufe cha kukurudishia, hela zote za App Store zinarudishwa na Apple wenyewe. Sisi tulikuwa tunaandikiwa na watu wa iPhone wanalia na tunachoweza ni kuwapa hiyo anuani tu. Kwa Google ni tofauti, kule mwenye apu anaingia kwenye mtambo wake, anatafuta namba yako ya GPA, anarudisha mwenyewe, hata kama saa 48 zimepita zamani. Ndio maana kwa Android imeili kwa mwenye apu ina maana na kwa iPhone haina.

Kitu kingine, tangu sasa usiifungue hiyo apu. Ukiomba kurudishiwa, Apple inaweza kumuuliza mwenye apu umeitumia kiasi gani kabla ya kuamua. Mtu anayesema nilikosea halafu ameitumia siku tatu mfululizo ombi lake linakuwa na hali tofauti na la mtu aliyefungua mara moja.

Mzee_Kobe
Mtaalamu naona umenipita pembeni. Hizo siku 16 sikuzitunga.

RisitiMkononi
Mzee wangu shikamoo, sijakupuuza, nilikuwa namuwahi mwenye saa zake. Siku 16 zipo kweli ila zinahusu jambo jingine. Hicho kipindi cha neema ni pale siku ya kulipia tena imefika, kadi ikagoma, halafu duka likakuachia huduma kwa muda wakati linaendelea kujaribu kukata. Kwa Apple mwenye apu anachagua siku 3, 16 au 28, na asipochagua hakuna kabisa. Ni neema ya kuendelea kutumia wakati unadaiwa, haimrudishii mtu hela aliyokwisha kulipa.

Na hiyo ya kuiacha kadi tupu kwa kweli simshauri mtu. Apple wanaendelea kujaribu kukata mpaka siku 60. Mtu anaona kimya mwezi mzima anaamini imekufa, mshahara unaingia siku ya 40, na hela inaondoka usiku huo huo. Nilishazungumza na mama mmoja ilimkuta hivyo, na hela ile ilikuwa ya matibabu. Kukatisha kwenyewe ni vibonyezo vichache, na unapata tarehe ya mwisho kwa maandishi.

Mzee_Kobe
Marahaba. Nimekuelewa kwenye neema. Lakini mimi sijakatwa tena, hilo nalo ni kweli.

RisitiMkononi
Kadi yako ilikuwa imeisha muda wake au uliibadilisha?

Mzee_Kobe
Ilipotea nikapewa nyingine yenye namba mpya.

RisitiMkononi
Basi inawezekana ni hiyo, kadi ya zamani ilikufa pamoja na deni. Ila siwezi kuapa, kuna benki zinawapelekea wauzaji namba mpya ya kadi bila wewe kujua. Ingia tu `Subscriptions` uone kama hizo huduma mbili bado zimekaa hapo.

Kitabu_Wazi
NIMEIPATA. Iko kwenye akaunti ya chuo, risiti imeingia kule saa 4:07 usiku, imeili ambayo huwa siifungui hata mwezi. Usajili upo hai kabisa na imeandikwa itajilipia tena mwakani tarehe ile ile. Nimebonyeza `Cancel subscription`, ikaniuliza sababu, nikachagua, ikanibembeleza kwanza na ofa nyingine nikapita chini, ikakubali. Sasa kitufe kimebadilika kimekuwa `Resubscribe`. Nimepiga skrinshoti. Nadai wapi?

RisitiMkononi
Safi sana. Hicho kitufe kubadilika ndio ushahidi kwamba malipo yajayo yamezimwa, na tunza skrinshoti na ile imeili ya kuthibitisha.

Sasa kudai. Fungua `play.google.com` kwenye kivinjari, na hakikisha umeingia kwa akaunti ya CHUO, juu kulia picha iwe ya chuo. Bonyeza hiyo picha, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Budget & order history`. Itafute oda ya jana, bonyeza `Report a problem`. Watakupa orodha ya sababu, chagua inayofanana na kununua kwa makosa, usichague kwamba apu haifanyi kazi kwa sababu wewe haikukugomea. Kwenye kisanduku andika kifupi na cha kweli, na useme wazi kwamba unaomba kurudishiwa, maana kuna watu wanaelezea tatizo mistari kumi na hawaombi chochote.

Kitabu_Wazi
Niandike nini haswa? Nisije nikaharibu.

RisitiMkononi
Mambo manne tu: ulitaka nini, umenunua nini, lini, na umetumia kiasi gani. Mfano:

"Jana saa 4:07 usiku nililipia mpango wa mwaka kwa makosa, nilikuwa nataka wa mwezi. Niligundua dakika chache baadaye, nikaifuta apu na sijaitumia. Usajili nimeshaukatisha. Naomba nirudishiwe hela yote ya mwaka."

Kama uliskani hata karatasi moja sema uliskani moja, usiseme hukutumia.

Kitabu_Wazi
Sikuskani hata moja, niliishia kupiga picha za kawaida. Nimetuma saa hii, imejibu kwamba wamepokea na watanijulisha kwa imeili. Imeili itaenda ya chuo nadhani, nimeiunganisha kwenye simu isinipite.

LuluTena
Jamani na mimi nina yangu na haifanani na zenu. Nilikuwa kwenye siku 7 za bure za huduma ya kuhariri video, siku ya 8 wamenikata ya mwaka, ya timu ya watu watano wakati mimi niko peke yangu. Nimeangalia Google akaunti zote hamna, sina iPhone. Nani kanikata?

RisitiMkononi
Angalia maneno kwenye taarifa ya benki pale ilipokatwa. Ikiwa ni Google inaanza na `GOOGLE *` halafu jina, Apple inaandika `APPLE.COM/BILL`. Yako imeandikaje?

LuluTena
Jina la kampuni yenyewe tu na herufi za mji. Sasa nimekumbuka nilijisajili kwenye laptopu, kwenye tovuti yao.

RisitiMkononi
Basi hapo Google na Apple hawahusiki kabisa, umeuziana na kampuni moja kwa moja, na kadi yako inaishi kwao. Ingia kwenye tovuti yao kwa akaunti uliyojisajilia, tafuta sehemu ya malipo, mara nyingi inaitwa `Billing`, zima kujilipia, subiri imeili ya kuthibitisha. Halafu soma masharti yao ya kurudisha hela, na hapo tafuta kitu kimoja: siku zao wanaanza kuhesabu lini? Wengine wanahesabu tangu hela ilipokatwa, wengine tangu ulipojisajili, na ikiwa ni tangu ulipojisajili basi zile siku 7 za bure zimeshakula sehemu ya muda wako. Ukiandika imeili taja tarehe zote mbili, uliyojisajili na uliyokatwa, na useme mpango ni wa watu watano na mtumiaji aliyeingia ni mmoja. Hilo wanaliona kwenye mtambo wao wenyewe, halina ubishi.

Nahodha7
Mnajizungusha bure. Piga simu benki, wambie hayo malipo huyatambui, hela inarudi. Mimi nilifanya hivyo ikarudi ndani ya wiki. Na pia kuna sheria ya siku 14, ndani yake wanalazimika kurudisha bila maswali.

RisitiMkononi
Nahodha, siku 14 ni sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya kwa vitu vilivyonunuliwa mtandaoni, na hata kule kwenye huduma za kidijitali mnunuzi mara nyingi anakubali kianze kutumika hapo hapo na haki hiyo inapungua au inaondoka. Ukiwa huko itaje kwenye imeili yako, ukiwa kwingine usiijenge hoja juu yake.

Kuhusu benki, kumwambia mtu aseme malipo huyatambui wakati kaweka kidole mwenyewe sikubaliani nako. Hayo ni maelezo ya uongo kwa benki, na kampuni ikijibu na rekodi ya simu na saa na akaunti yako unabaki pabaya. Benki ipo kwa hatua ya mwisho, umeomba ukakataliwa kinyume na masharti yao wenyewe, au umekatisha ukiwa na ushahidi na bado wamekata. Hapo skrinshoti zinakubeba. Halafu ile hela yako iliporudi, akaunti yako ilibaki salama?

Nahodha7
Hapana, waliifunga. Nilikuwa na vitu vingine nimenunua mle miaka ya nyuma, vilikwenda vyote. Sikuhusisha mambo hayo mawili kwa kweli, nilidhani ni tatizo jingine. Lakini hela niliyodai ilikuwa kubwa kuliko hivyo vitu, kwa hiyo bado mimi sijutii.

LuluTena
Mimi nina video za miaka miwili kwenye akaunti ile. Naandika imeili kwanza.

mamaPacha
Na mimi jamani, sarafu za mtoto?

RisitiMkononi
Mama samahani nimekuchelewesha. Sarafu za gemu ni kununua mara moja, hazijikati tena mwezi ujao, kwa hiyo hakuna cha kuzima. Kama ni ndani ya saa 48 dai kwa njia ile ile niliyompa Kitabu_Wazi, kila oda kivyake, zote tatu, na sema mtoto ndiye aliyenunua. Kama zimepita mwandikie mwenye gemu na namba za GPA. Na leo hii ingia `Settings` ya Play Store uweke lazima nywila au kidole kabla ya kila ununuzi, na kidole kiwe chako tu.

mamaPacha
Ni wiki ya pili hii, na sarafu keshazitumia zote. Namwandikia, asante sana.

Kitabu_Wazi
Mrejesho wakuu. Usiku nilikaa nafungua imeili kila dakika tano, saa 48 zikapita bila jibu nikaanza kukata tamaa nikitegemea muda wangu umeisha. Asubuhi ya leo ndio jibu limeingia, WAMEKUBALI, hela yote. Wamesema kwa kadi ni siku 3 hadi 5 za kazi na inaweza kufika 10. Mkuu RisitiMkononi nakushukuru kutoka moyoni, ile hela ilikuwa ya kodi ya nyumba.

RisitiMkononi
Nimefurahi mno kusikia dada. Na kwa faida ya wengine, kinachohesabika ni saa uliyotuma ombi, jibu linaweza kuja hata baada ya siku nne. Usitume ombi la pili wala la tatu kwa hofu.

Sasa bado kazi moja. Hela ikishaingia rudi `Subscriptions` kwenye akaunti ya chuo uone ile apu imeandikwaje. Na hiyo namba ya GPA itunze mahali. Siku nyingine ukiona risiti ya namba ile ile lakini mwishoni ina nukta mbili na sifuri, hivi:

```
GPA.1234-5678-9012-34567
GPA.1234-5678-9012-34567..0
```

ya juu ni ununuzi wa kwanza, ya chini ni malipo yaliyojirudia mara ya kwanza, ikifuatiwa na `..1` ni mara ya pili. Kwa hiyo mtu akikwambia hajui kama ni usajili mpya au wa zamani umejilipia, mwambie asome mkia wa namba.

Mzee_Kobe
Nimeingia huko kwenye `Subscriptions`. Moja haipo. Ya pili ipo, imeandikwa malipo yameshindikana na wananiomba nisasishe kadi. Nimeikatisha. Asante kijana.

Chuma_Chakavu
Mimi bado. Nimeomba juzi, kwenye `Check Status of Claims` imekaa `Pending` tu. Apu niliitumia siku ile ya kwanza karibu saa nzima na nimeandika hivyo hivyo. Sijui itaniangusha au la, ntaleta jibu likija.

LuluTena
Wamenijibu. Wamenipa kunishusha kwenye mpango wa mtu mmoja na tofauti ibaki kwao kama salio la mwaka ujao. Nimewauliza kwa nini nisirudishiwe kwenye kadi wakati masharti yao yanasema siku 14 tangu kukatwa na mimi niko siku ya 5. Nasubiri.

RisitiMkononi
Lulu umejibu vizuri. Usibonyeze kukubali lile salio wakati mnajadiliana, ukilikubali umeshamaliza dai lako. Nakili ile sentensi ya masharti yao neno kwa neno uiweke kwenye imeili, na piga skrinshoti ya ukurasa huo leo.

Kitabu_Wazi
Swali la mwisho mkuu kisha nawaacha. Makaratasi bado ninayo na ile apu kweli ni nzuri, nataka kulipia mwezi mmoja. Nikikosea tena watanirudishia?

RisitiMkononi
Usitegemee. Kwa apu na gemu Google wanasema kurudisha ni mara moja tu kwa kitu kimoja, na ombi la pili la kosa lile lile mimi sijawahi kuliona likipita kirahisi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza hamia akaunti unayoitumia kila siku, hiyo ya chuo iache. Kwenye zile boksi mbili puuza bei kubwa, kwa sababu ya mwaka wanaigawa kwa 12 ili ionekane ndogo kuliko ya mwezi, na jumla yenyewe wanaiandika chini kwa herufi za kijivu. Chagua boksi halafu usiweke kidole. Itapanda karatasi ya malipo ya Google kutoka chini, hiyo haikuandikwa na mwenye apu, na hapo ndipo inasemwa kiasi kinachokatwa leo na kwamba ni kwa mwezi au kwa mwaka. Isome hiyo mpaka mwisho, ikisema mwaka rudi nyuma. Ikisema mwezi lipia, na ukishapata risiti nenda moja kwa moja `Subscriptions` ukatishe dakika ile ile, mwezi wako utautumia mpaka siku ya mwisho kama kawaida.

Kitabu_Wazi
Nimelipia, imesema mwezi, nimekatisha hapo hapo, na imeandika itaisha tarehe 18. Naenda kuskani.